HbA2 asilimia 3.4: majibu yaliyosomwa kabla ya chuma kurudi

Mwanamke wa miaka 27, mwalimu wa skuli ya msingi upande wa Wete, Pemba, alikuwa karibu kuolewa na binamu yake. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike, ila tarakimu za vipimo ni za aina tunayoiona maabara mara kwa mara. Mdogo wake bwana harusi ana sikoseli, na bwana harusi mwenyewe alikwishapimwa, yeye ni AS, yaani mbebaji. Wazee wakataka na bibi harusi apimwe. Akapimwa kwa ukanda wa elektroforesisi, majibu yakarudi herufi mbili tu: AA, yaani himoglobini ya sikoseli haikuonekana. Shangazi yake akashukuru, na mipango ikaendelea.

Kilichobaki pembeni ni kwamba huyu mwalimu damu yake haikuwahi kupanda vizuri. Tangu yuko dakhalia alikuwa akipewa vidonge vya damu, anavimeza wiki tatu au nne, anajisikia nafuu, anaacha. Mwaka unaofuata anaanza tena. Safari hii alikwenda kituo cha afya kwa kizunguzungu, na daktari aliyempokea, badala ya kusoma mstari wa Hb peke yake, aliteremka hadi mistari ya chini ya karatasi:

```
Hb   9.1 g/dL
RBC  5.0 x10^12/L
MCV  62 fL
MCH  18.2 pg
RDW  19 %
```

MCV ni wastani wa ukubwa wa chembe moja nyekundu. Kwa mtu mzima tunategemea kuanzia 80 hadi 100 hivi. Ukiwa na 62, chembe zako ni ndogo sana, na hapo si suala tena la kuuliza kama damu imepungua. Suala ni kwa nini kila chembe inatoka kiwandani ikiwa ndogo. Chembe nyekundu ni mfuko wa himoglobini, na himoglobini ina sehemu mbili: hemu, ambayo ndani yake mna chuma, na globini, ambazo ni minyororo ya protini. Ikikosekana hemu ya kutosha, mfuko haujai. Ikikosekana minyororo ya kutosha, mfuko haujai vilevile. Upungufu wa chuma ni tatizo la upande wa kwanza, thalasemia ni tatizo la upande wa pili, na kwa nje chembe zinafanana.

Kwa mwalimu huyu tofauti hiyo ilikuwa na uzito usio wa kawaida. Kama udogo wa chembe unatokana na chuma tu, basi yeye ni AA kweli, na ndoa na mtu wa AS haiwezi kuzaa mtoto mwenye sikoseli. Lakini kama amebeba beta thalasemia, kila mimba itakuwa na nafasi moja kati ya nne ya mtoto kurithi himoglobini S, ile ya sikoseli, kutoka kwa baba na beta thalasemia kutoka kwa mama. Mtoto huyo anaumwa kama mgonjwa wa sikoseli, kwa sababu kwa kweli ni mgonjwa wa sikoseli, ila njia aliyoipitia ni nyengine. Na herufi "AA" kwenye karatasi haikuwa na uwezo wa kusema lolote juu ya hilo.

Nieleze kwa nini. Ukanda wa selulosi aseteti unalowanishwa kwenye bafa ya alkali, pH kama 8.4 hadi 8.6, tone la himoglobini iliyotolewa kwenye chembe zilizopasuliwa linawekwa upande wa hasi, umeme unawashwa, na himoglobini zinakimbilia upande wa chanya, kila moja kwa kasi yake. A inatangulia mbele, F inafuata, S iko nyuma yake, na mwisho kabisa, karibu na pale tone lilipowekwa, ndipo A2 inapobaki. Ukitia rangi ya Ponso unaona bendi nene nyekundu ya A, na huko nyuma kivuli chembamba cha A2. Kwa kutafuta S, ukanda huu unatosha: bendi ipo au haipo. Kwa beta thalasemia, unachokitafuta ni kama kile kivuli ni asilimia mbili na nusu au asilimia nne na nusu. Jicho la mtu haliwezi kulipima hilo, na hata mashine ya kusoma weusi wa bendi kwenye ukanda haiaminiki kwa A2 kwa sababu bendi yenyewe ni nyepesi mno. Aliyeandika AA aliulizwa kuhusu sikoseli na akajibu kuhusu sikoseli.

Daktari akaagiza mambo mawili pamoja: elektroforesisi ya kapilari yenye tarakimu, na feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini. Ningependa kila anayeagiza kimoja aagize na kingine, na sababu itaonekana.

Kuna jambo la usafirishaji linaloharibu vipimo hivi visiwani kuliko watu wanavyodhani. Sampuli ilichukuliwa Pemba kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA, ikapimwa hesabu ya chembe hapohapo siku ileile, kisha ikapakiwa na kuvuka bahari kwenda kupimwa himoglobini. Mpangilio huo ni wa lazima. Damu ya EDTA ikikaa kwenye joto zaidi ya siku moja, chembe zinaanza kuvimba na MCV inapanda yenyewe, kwa hiyo mtu mwenye 74 anaweza kufika ng'ambo akiwa na 80 na hakuna atakayemshuku. Himoglobini zenyewe ni ngumu zaidi, zinavumilia siku kadhaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ila barafu isigusane na chupa, damu ikigeuka barafu chembe zinapasuka na hesabu ya chembe haiwezekani tena.

Kabla majibu hayajarudi, tayari karatasi ya kwanza ilikuwa na dalili mbili zinazovutana. Ukigawa MCV kwa hesabu ya chembe, 62 kwa 5.0, unapata 12.4. Huo ndio uwiano wa Mentzer, wa tangu 1973: chini ya 13 unaelekeza thalasemia, juu ya 13 unaelekeza upungufu wa chuma. Mantiki yake ni nyepesi. Mtu aliyekosa chuma uboho wake unatengeneza chembe ndogo na chache. Mbebaji wa thalasemia uboho wake hauna njaa ya chuma, kwa hiyo unatengeneza chembe ndogo lakini nyingi, mara nyingi zaidi ya milioni 5 kwa kila mikrolita. Kwa hesabu hiyo mwalimu alikuwa upande wa thalasemia, kwa upenyo mdogo. RDW ikasema kinyume. Hiyo inapima jinsi chembe zinavyotofautiana ukubwa, na 19 ni kubwa: zipo ndogo, zipo ndogo zaidi, zipo za wastani. Mbebaji wa thalasemia kwa kawaida chembe zake ni ndogo kwa usawa, RDW haiendi mbali na kawaida, wakati upungufu wa chuma unaziparaganya. Kwenye slaidi mtaalamu aliona chembe nyembamba ndefu kama penseli, ambazo ni za upungufu wa chuma, na pia chembe zenye doa katikati na duara pembeni, ambazo thalasemia huzitoa kwa wingi, ingawa si yenyewe tu.

Uwiano kama huu ni wa kukutia shaka, si wa kukupa jibu. Ulitengenezwa kwa watu wenye tatizo moja kati ya mawili. Mtu mwenye yote mawili anaangukia katikati, na hapo hesabu inakuwa bahati nasibu.

Majibu yakarudi. Feritini ilikuwa mikrogramu 5 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 15 kwa mtu mzima asiye na maambukizo kuwa akiba ya chuma imekwisha, kwa hiyo 5 haina mjadala. CRP ilikuwa ya kawaida, maana yake hakukuwa na uvimbe au maambukizo ya kuipandisha feritini kwa uongo. (Kungekuwa na homa au kidonda kinachowaka, tungekuwa waangalifu sana na feritini "nzuri" ya 40 au 50, kwa sababu feritini hupanda mwili ukipambana.) Na elektroforesisi ikaja hivi:

```
Hb A    95.9 %
Hb F     0.7 %
Hb A2    3.4 %
```

Chini yake mtu alikuwa amechapa: ndani ya kiwango cha kawaida. Kwa mashine ile mpaka wa juu ulikuwa asilimia 3.5, na 3.4 iko chini yake. Feritini ya chini, A2 ya kawaida, hadithi imekamilika: upungufu wa chuma, si thalasemia, apewe vidonge, na ndoa ifungwe. Ndivyo karatasi hii ingesomwa katika kliniki nyingi, na isingekuwa uzembe wa mtu yeyote, kwa sababu kila mstari peke yake ni sahihi.

Kosa liko kwenye kuisoma A2 kana kwamba haijui habari za chuma.

Mtu mzima ana himoglobini za aina tatu. A ina minyororo miwili ya alfa na miwili ya beta, na ndiyo karibu yote. F, ya utotoni, ina alfa na gama, na imebaki chini ya asilimia moja. A2 ina alfa mbili na delta mbili, na kwa mtu wa kawaida ni asilimia 2 hadi 3 na kidogo. Kwa hiyo beta na delta ni washindani: wote wanamtaka alfa. Mbebaji wa beta thalasemia ana jeni moja ya beta iliyoharibika, beta zake zinapungua, alfa zinabaki bila mwenza, delta anapata nafasi aliyokuwa hapati. A2 inapanda hadi 3.5, 4, 5, wakati mwengine karibu na 7. Huku kupanda ndiko alama tunayoitegemea.

Sasa ondoa chuma. Hemu inapungua, na utengenezaji wa alfa unarudi nyuma pamoja nayo. Alfa wakiwa wachache, mshindani mwenye nguvu ndiye anayewapata, na mwenye nguvu ni beta, kwa sababu beta hushikana na alfa kwa urahisi kuliko delta. Delta anakosa. A2 inashuka. Kwa mtu asiye na thalasemia inashuka kutoka, tuseme, 2.6 hadi 2.1, na hakuna anayejali. Kwa mbebaji wa beta thalasemia inashuka kutoka mahali palipo wazi hadi mahali pa utata. Si wabebaji wote wanaofichika namna hii, wengi A2 yao inabaki juu ya mpaka hata chuma kikiwa chini, ila upungufu ukiwa mkali kama huu wa feritini 5, hatari ni ya kweli.

Kwa hiyo swali sahihi kwa ile 3.4 halikuwa "iko ndani au nje ya mpaka?" Lilikuwa "mtu mwenye feritini ya 5 alipaswa kuwa na A2 ya ngapi?" Mtu asiye na thalasemia mwenye upungufu mkali namna hiyo tungemtegemea awe kwenye 2 na kitu. Kuwa na 3.4 wakati kila kitu kinaivuta chini ni jambo la kushangaza. Katika maabara yetu tunaandika A2 ya 3.1 hadi 3.5 kuwa ya mpakani, na ikiambatana na feritini ya chini tunaomba irudiwe baada ya chuma kurudishwa. Sentensi hiyo moja ikichapwa chini ya tarakimu inaokoa mengi, na mimi naona iwe ya lazima.

Daktari alimwita mwalimu akamweleza hivyo, mbele ya shangazi. Shangazi hakufurahi. "Daktari, si walisema AA? Sasa AA inageuka?" Akajibiwa kwamba AA haigeuki, ila ile AA ilijibu kuhusu sikoseli peke yake, na kuna kitu chengine ambacho hakikuulizwa. "Basi, mwanangu, harusi ingoje," shangazi akasema, na mwalimu akatazama chini. Ilikuwa miezi mitatu ya kungoja, na kwa familia iliyokwishaanza kutoa kadi si muda mfupi.

Miezi hiyo mitatu kazi yake ilikuwa moja, kujaza akiba ya chuma mpaka feritini ikae sawa, ndipo A2 ipimwe upya. Lakini chuma kinachovuja hakijai. Choo kilipimwa kwa Kato-Katz kikakutwa na mayai ya minyoo ya safura. Hilo halishangazi mtu aliyefanya kazi Pemba: tafiti za miaka ya 1990 kwa watoto wa skuli wa kisiwa hiki zilionyesha wazi kwamba safura, kwa kunyonya damu utumboni, ilikuwa chanzo kikubwa cha kukosa chuma. Kampeni za dawa zimeipunguza sana, ila haijatoweka, na mwalimu hulima bustani peku. Akapewa albendazoli miligramu 400. Hedhi yake pia ilikuwa nzito, na hilo alilisema kwa kunong'ona baada ya shangazi kutoka nje.

Kisha vidonge. Tembe moja ya salfeti ya feri ya miligramu 200 ina takriban miligramu 65 za chuma chenyewe. Alikuwa akivimeza miaka yote na chai ya rangi baada ya chakula, kwa sababu vinamchefua, na chai ndiyo inayofunga chuma kisiingie. Akaambiwa ameze tembe moja kwa siku kwa maji au juisi ya ndimu, na chai isubiri saa moja au mbili. Ikimchefua sana, ameze siku moja na kuacha moja kuliko kuacha kabisa.

Hapa nigusie jambo ambalo watu wa Pemba wanalikumbuka. Jaribio kubwa la kuwapa chuma na foliki asidi watoto wa miezi 1 hadi 35 kisiwani hapa lilisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yake, yaliyochapishwa 2006, yalionyesha watoto waliopewa wakiugua vibaya na kulazwa zaidi kuliko wasiopewa, wakati malaria ilikuwa nyingi. Tangu hapo wapo wanaoogopa chuma kwa jumla. Mtu mzima aliyepimwa na kuthibitika hana akiba ni suala jengine kabisa, anahitaji chuma. Funzo la jaribio lile lilikuwa kwa watoto wadogo waliogawiwa bila kupimwa.

Wiki ya nne Hb ilifika 10.3. Huo ulikuwa uthibitisho kwamba upungufu wa chuma ulikuwa wa kweli, kwa sababu mbebaji wa thalasemia asiyekosa chuma hapandi kwa vidonge. Wiki ya kumi na mbili:

```
Hb        11.2 g/dL
RBC       5.6 x10^12/L
MCV       65 fL
MCH       20.0 pg
RDW       15.2 %
Feritini  48 ug/L
```

Karatasi hii ndiyo ninayoipenda zaidi katika kisa chote, na nawaomba wenzangu waitazame kabla ya kukimbilia A2. Akiba ya chuma imejaa. RDW imeshuka, maana chembe sasa zinalingana. Hesabu ya chembe imepanda hadi milioni 5.6, uboho uliokuwa na njaa umeachiwa kufanya kazi. Lakini MCV imesogea kutoka 62 hadi 65 na kukwama. Kama tatizo lingekuwa chuma peke yake, miezi mitatu na feritini ya 48 zingeipeleka juu ya 80. Uwiano wa Mentzer sasa ni 11.6. Chembe ndogo, nyingi, zinazolingana, kwa mtu mwenye chuma cha kutosha: kilichokuwa kimefunikwa kimeachwa wazi.

Na A2:

```
Hb A    94.6 %
Hb F     1.1 %
Hb A2    4.3 %
```

Kutoka 3.4 hadi 4.3, mtu yuleyule, mashine ileile. Hakuna kilichobadilika kwenye jeni zake. Alikuwa mbebaji wa beta thalasemia siku zote, tena mwenye upungufu wa chuma juu yake, na upungufu ulikuwa umeivuta A2 hadi upande wa kawaida. Mbebaji si mgonjwa. Hb ya 11 na kitu ndiyo yake, na tangu sasa anayemwandikia vidonge vya damu aanze na feritini. Kuvimeza miaka na miaka kwa sababu ya MCV ndogo wakati feritini ni nzuri hakumpandishi, kunamwongezea chuma asichokihitaji.

Bwana harusi naye alirudiwa kwa kapilari, ingawa AS yake ilikuwa inajulikana. Tulitaka kujua kama ana S tu au ana kitu cha ziada. A ilikuwa nyingi kuliko S, A 58 na S 38, na MCV yake 84. Mtu aliyerithi S pamoja na beta thalasemia S yake huwa nyingi kuliko A, au A haipo kabisa, kwa hiyo yeye ni mbebaji wa kawaida. Karatasi yake ya zamani, iliyopimwa kwa HPLC, mashine ya aina nyengine ya kutenganisha himoglobini, ilionyesha A2 ya 3.8, na mtu mmoja wa ukoo anayesoma uuguzi aliiona akauliza kama naye ana thalasemia. Hapana. Kwenye HPLC vipande vya S vilivyobadilika hutokeza mahali palepale A2 inapotoka na kuiongezea. Kwa mtu wa AS usiisome A2 ya HPLC kama unavyoisoma ya mtu wa AA, soma MCV na uwiano wa A na S kwanza.

Kwa hiyo kila mimba ya wawili hawa ina nafasi nne sawa: mtoto asiyebeba chochote, mtoto wa AS kama baba, mtoto mbebaji wa beta thalasemia kama mama, au mtoto mwenye S na beta thalasemia. Huyo wa mwisho ugonjwa wake utakuwa mkali kiasi gani, A2 haiwezi kusema. Inategemea jeni ya mama imezimika kabisa au bado inatoa beta kidogo, na hilo linahitaji kipimo cha vinasaba. Sampuli ya mwalimu ilitumwa bara.

Nataka kusema na jengine, kwa sababu swali hili linatufikia kila wiki. Kama A2 ya pili ingerudi 2.5 na MCV ikabaki 72 na feritini nzuri, tusingesema "basi hana thalasemia". Tungesema hana beta thalasemia. Alfa thalasemia, ile ya kupoteza jeni moja au mbili kati ya nne za alfa, ni ya kawaida sana katika pwani hii yote kuanzia Kilifi kuja Tanga na visiwani, nyingi zaidi kuliko beta. Kwa mtu mzima elektroforesisi yake ni safi kabisa, A2 ni ya kawaida au chini kidogo. Haionekani kwa kapilari wala HPLC, inaonekana kwa vinasaba tu. Kwa bahati njema aina ya pwani hii haina madhara kwa mbebaji na haichanganyiki na S kuleta ugonjwa, ndiyo maana hatuwafuatilii wote. Ila ni sababu ya kwanza kabisa ninayoifikiria nikiona MCV ya 74 iliyokaa miaka bila kutikisika. MCV ya 62 hadi 65 kama ya mwalimu huyu ni ndogo mno kwa alfa ya kawaida ya huku, na hilo nalo lilikuwa kidokezo tangu karatasi ya kwanza.

Walikaa na mshauri mara mbili, mara ya pili pamoja na wazazi wa pande zote. Waliamua kuoana. Uamuzi ni wao, na sikuwa na la kusema isipokuwa jinsi ya kumpima mtoto. Damu ya mtoto ikipimwa siku za mwanzo, bendi za F na S bila A zitatosha kutia shaka, kwa sababu mtoto mwenye S na beta iliyozimika hatoi A. Akiwa na F, S na A kidogo kuliko S, shaka ni ileile. Lakini kumtambua mtoto aliyebeba beta thalasemia ya mama tu haiwezekani siku hizo: A2 ya mtoto mchanga iko karibu na sifuri na inakua taratibu, kwa hiyo asubiri apite mwaka, na feritini yake ipimwe siku hiyohiyo.

Wiki iliyofuata mwalimu alimleta mdogo wake wa kike, miaka 19, MCV 66. Karatasi ya maombi ilikuwa imeandikwa elektroforesisi tu. Nikaongeza feritini na CRP kwa kalamu kabla chupa haijapakiwa.